Wifi Yangu Subiri na Doa la Mama

Jina lake la kuzaliwa analo, lakini ukimwita nalo hageuki. Mtaa mzima unamwita Subiri. Hata kaka yangu, ambaye ndiye mumewe, akipiga simu kutoka safarini husema, "Subiri, nimefika salama." Jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa mdomo wake. Ni msusi wa kuwafuata watu majumbani. Anakuja na mkoba wenye vitana, taulo kuukuu na glavu, na ukimwambia, "Dada, nipake rangi leo leo, kesho nina shughuli," anakutazama kwa upole na kukujibu, "Subiri kwanza."

Usidhani anakuringia. Kabla hajakupaka rangi kichwani, hukupaka tone dogo nyuma ya sikio, halafu anakusanya vitu vyake na kwenda zake. Anakwenda kweli! Wewe unabaki na tone lako, huruhusiwi kulifuta wala kulilowesha, mpaka siku mbili zipite naye arudi kukukagua. Ngozi ikiwa shwari, anakupaka. Ikiwa imewasha, imevimba au imekuwa nyekundu, hakupaki hata umlilie. Karatasi iliyomo ndani ya boksi la rangi inaeleza mambo hayo hayo, lakini ile karatasi kwetu kazi yake ni kuwekwa chini ya bakuli ili meza isichafuke.

Basi mtaani kwetu mwanamke akipita na kidoa cheusi nyuma ya sikio, watu wanajua. "Ehe, shoga, tunapungua umri lini?" Siri ya mvi hakuna tena. Wapo waliomkimbia Subiri kwa ajili ya kidoa hicho tu, wakaenda kwa wasusi wanaopaka bila kuuliza. Mimi mwenyewe nilikuwa namcheka. Nilimwambia, "Wifi, wewe una leseni ya kufukuza wateja." Akacheka na mimi, na wiki ile ile akamtia mtu mwingine kidoa.

Mama yetu hakuwahi kupakwa na Subiri. Na hapa nieleze vizuri. Mama alikuwa akijipaka rangi nyeusi mwenyewe tangu mimi nasoma shule ya msingi, mlango wa bafu umefungwa, maji yanamwagika ili tusisikie. Tulikuwa tunajua sote, na sote tulijifanya hatujui. Baba aliondoka duniani akijua, akanyamaza. Mama akitoka bafuni na kichwa cheusi tii, sisi tulisema, "Mama umependeza," naye alisema, "Nimeoga tu." Ndivyo tulivyolelewa.

Sasa akatokea Fundi Saa. Ni mzee mjane mwenye kibanda cha kutengeneza saa karibu na benki, mtu wa maneno machache na shati lililopigwa pasi. Mama alimpelekea saa ya marehemu baba itiwe betri. Betri ya saa ni kazi ya kusimama mlangoni, lakini saa ile ilirudi kibandani mara nyingi kuliko saa yoyote duniani. Mara mkanda, mara kioo, mara eti inachelewa. Nilipomuuliza, Mama alisema saa za zamani zina matatizo. Nikasema, "Naona, na wenye saa pia." Akanirushia kandambili.

Mwisho Fundi Saa akasema anataka kuja nyumbani kujitambulisha kwetu watoto, Jumamosi mchana, kwa heshima zote. Kaka alikuwa safarini, akatoa baraka kwa simu. Mama alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu msiba, na papo hapo alikuwa na hofu, kwa sababu viganja vilikuwa vimemuuma miezi ile, hakuweza kukamua chupa wala kujipaka nyuma ya kichwa, na mvi zilikuwa zimetoka kwenye mizizi, nyeupe pee. Miezi hiyo yote alikuwa akivaa kilemba kila anapokwenda kibandani.

"Hajawahi kuziona," aliniambia tukiwa jikoni, akikwangua sufuria ambayo ilikuwa safi. "Akiziona atajua anaoa bibi."

"Mama, na yeye si babu?"

"Mwanamume hana uzee. Nyamaza, niitie mke wa kaka yako."

Alimwita hivyo siku zote, "mke wa kaka yako" au "mke wa mwanangu." Hakumchukia Subiri, la. Ila hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwona mtu baridi, asiye na la kumwambia mtu akafurahi.

Subiri akaja Jumatano asubuhi na mkoba wake. Alikaa mbele ya Mama kama mkamwana anavyokaa, magoti pamoja, akamuuliza taratibu. Rangi gani anatumia? Ile ile ya boksi, nyeusi. Amewahi kupaka kitu kingine, hina ya unga, dawa ya kunyoosha? Hapana. Amewahi kuwashwa?

"Niwashwe na nini?" Mama akasema. "Miaka yote hii mimi ndiye napaka."

"Hata kidogo, Mama. Mara ya mwisho."

"Kichwa kiliwasha kidogo. Ilikuwa mba. Na masikio yalichubuka, ni ile sabuni mpya."

Niliona Subiri ameacha kupekua mkoba. "Na mara ya kabla yake?"

"Mba zina ratiba, mke wa mwanangu?"

Mimi nikaangua kicheko. Subiri hakucheka. Alivaa glavu, akachanganya rangi kidogo sana kwenye kisahani, kijiko cha mrija huu na kijiko cha chupa ile, kama karatasi ilivyoagiza. Akataka kumpaka nyuma ya sikio. Mama akajivuta nyuma kama aliyeona nyuki.

"Weee! Jirani wa ukuta akinikuta na doa sikioni, Jumamosi Fundi ataelezwa kabla hajabisha hodi. Sitaki."

"Basi tutaweka ndani ya kiwiko, Mama, pale mkono unapokunja. Gauni la mikono mirefu litafunika."

Hapo wakaelewana. Subiri akamsafisha mahali pale, akapaka tone lisilozidi punje ya dengu, akasubiri likauke. Kisha akafanya jambo la pili, ambalo mimi nilikuwa silijui. Akachukua mkasi, akakata kishungi chembamba cha nywele kutoka chini kabisa, karibu na shingo, ambapo hapaonekani. Akakifunga kwa uzi, akakipaka ile rangi iliyobaki kwenye kisahani. Akaweka saa ya simu.

"Hiyo nayo ya nini?" nikamuuliza.

"Ya mkononi inaniambia kama ngozi inaikubali. Hii inaniambia kama nywele zinaikubali. Mvi ni ngumu, wifi, nyingine hazinywi rangi upesi. Kuna nywele zinageuka za kijani, kuna zinazokatika kama tambi mbichi. Bora zikatike hizi nilizozishika kuliko zile za kichwani."

Kila baada ya muda alifuta nywele mbili tatu kwa karatasi ya chooni, akaziangalia dirishani, akarudishia rangi. Dakika zilizoandikwa kwenye boksi zilipokwisha, akakiosha kile kishungi, akakikausha kwa taulo, akakivuta kuona kama kinakatika. Akampa Mama mkononi.

Jamani, kilikuwa kizuri! Cheusi chenye uhai, laini, kinang'aa. Mama akakishika kama aliyeokota pete yake. Akakiweka karibu na kioo, akakilinganisha na zile nyeupe za juu ya paji, na uso wake ukabadilika. Siwezi kusahau ule uso. Alikuwa tayari yuko Jumamosi, anafungua mlango.

"Si unaona?" akasema. "Imekubali. Nipake."

"Nywele zimekubali," Subiri akajibu. "Ngozi haijajibu bado. Subiri, Mama." Akamwaga ile rangi iliyobaki, maana ikishachanganywa haitunziki. Akaondoka.

Alhamisi Mama aliimba kutwa nzima. Ijumaa asubuhi hakuimba. Mchana Subiri alipokuja tulikuwa tumeshatandaza taulo sebuleni, boksi jipya liko mezani, na Mama amekaa kwenye kiti chake amevaa gauni la mikono mirefu kwenye joto lililomlaza hata paka sakafuni.

"Mambo shwari," Mama akasema kabla hajaulizwa. "Hamna kitu. Anza."

"Naomba nione, Mama."

"Nimekwambia hamna kitu."

"Naomba nione tu."

Mama akanyanyua kidevu. "Leo unanikagua mimi kama mtoto aliyerudi na daftari? Mimi niliyemzaa mumeo?"

Nami, kwa mdomo wangu huu, nikaingia. "Wifi, si umesikia hakuna kitu? Mama mzima akuongopee kwa ajili ya nini? Fungua boksi, muda unakwenda."

Subiri alikuwa ameshavaa glavu. Akazivua, moja, ya pili, akazikunja na kuzitia mkobani. Kumkatalia mteja ni jambo moja, kumkatalia mama mkwe mbele ya binti yake ni jambo jingine, na sote watatu tulilijua hilo.

"Nisameheni," akasema. "Mkitaka nitukaneni. Bila kuona sipaki."

Hapo nikasikia kitu kinakwaruza, kwaru, kwaru. Nikatafuta panya. Alikuwa Mama. Alikuwa anasugua mkono wake kwenye ukingo wa kiti, taratibu, huku anatazama ukutani kama hahusiki.

"Mama, mbona unajikuna?"

"Mbu."

"Mbu aliyeingia ndani ya mkono wa gauni akakaa hapo hapo?"

Waliosema mficha maradhi kilio humfichua hawakukosea. Mama akajaribu kuacha kujikuna, akashindwa, akajikuna kwa nguvu zaidi, kisha akafumba macho na kutunyooshea mkono. Nikaupandisha mkono wa gauni mimi mwenyewe. Lile tone la dengu halikuonekana tena. Palikuwa na kitu chekundu, kimevimba, kipana kama kifuniko cha chupa, na juu yake vipele vidogo vyenye maji.

"Tangu lini?" Subiri akauliza.

"Jana jioni. Kidogo tu." Halafu maneno yakamtoka kwa pamoja. "Ni mkono huo, mkono haujazoea! Kichwa changu kimezoea, miaka yote kinapakwa, kitashindwa leo? Nipake haraka uoshe haraka. Siku moja tu, mwanamke wewe, siku moja! Nikishaolewa sipaki tena."

Alikuwa analia. Mimi Mama yangu simjui kulia. Alizika mume wake akihesabu sahani za wageni.

Subiri akavuta kigoda, akakaa karibu naye, akamwosha pale mahali kwa maji mengi na sabuni laini, akawa anazungumza huku anamwosha. Nimeishi na huyu mwanamke miaka, sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile.

Alisema zamani alikuwa anapaka watu rangi bila glavu, na mikono yake alikuwa anaichora maua kwa piko, ile nyeusi ya kuchorea, kwa sababu ilipendeza. Mara moja maua yale yaliwasha na kuvimba, akayapaka mafuta, akasahau. Baadaye akajipaka rangi nywele zake, rangi ile ile aliyokuwa anapaka kila siku. Usiku ukapita salama. Siku ya pili yake aliamka hawezi kufungua macho. Uso ulikuwa mkubwa, paji limeshuka, maji yanatoka nyuma ya masikio. Mama yake mzazi alimshika mkono mpaka hospitali kwa sababu alikuwa haoni njia. Daktari akamweleza kwamba ndani ya piko na ndani ya rangi nyeusi mna kitu kimoja, na mwili ukishakikataa, haurudi nyuma. Akirudia, safari ijayo inaweza kuwa mbaya zaidi, hata pumzi ikabanwa.

"Ndiyo maana mimi sipaki kichwa changu, Mama. Mnadhani napenda?" Akavua kitambaa. Wifi yangu ni mdogo kwangu, na juu ya paji ana utepe wa mvi mpana kama vidole viwili. Nilikuwa nadhani ni mtindo. "Mwili unavumilia miaka, halafu siku moja unasema basi. Wako ulishaanza kusema. Zile hazikuwa mba."

Mama akafuta pua. "Kuna ile isiyo na amonia. Ya asili. Jirani anayo."

"Amonia siyo inayokuwasha. Boksi linaweza kuandikwa ya asili na weusi wake ukawa ule ule."

"Basi."

"Basi, Mama."

Subiri akatoka kwenda duka la dawa kuuliza ya kupaka. Alipofunga mlango tu, Mama akanigeukia. "Wewe nimekuzaa mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Chukua boksi. Nipake kabla hajarudi."

Sasa mimi ni mtu wa kelele lakini kwa Mama sina ubavu. Sijawahi kumnyima kitu. Boksi nilikuwa nimelishika. Nikauangalia ule mkono, nikaliangalia boksi, lenye picha ya mwanamke anayetabasamu ambaye hana hata kope moja iliyovimba. Nikaliweka kwenye kiti na kulikalia.

"Ondoka juu ya boksi!"

"Siondoki."

"Nitakulaani."

"Nilaani, Mama, nimekaa." Subiri aliporudi alinikuta bado nimekaa na boksi limekuwa chapati.

Jumamosi asubuhi Mama alituita chumbani. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameukunjua mkono juu ya mto, anauangalia kama si wake. Tulikuwa tumeuosha, tumeupaka dawa, na bado ulikuwa umezidi. Uvimbe ulikuwa umeenea hadi nusu ya mkono wa chini, vipele vimepasuka, maji yanachuruzika. Kwa tone moja!

"Hii," akasema, "ingekuwa kichwani?"

Subiri akaitikia kwa kichwa.

"Kichwa kizima. Na macho." Akatazama mlango. "Na yeye angebisha hodi saa saba."

Nikakumbuka ni nani Ijumaa alimwambia Subiri afungue boksi. Tukampeleka zahanati. Mganga akampa ya kupaka na vidonge vya kupunguza muwasho, akamwambia rangi za namna hiyo zimekwisha katika maisha yake, na kila msusi atakayemshika kichwa aambiwe kwanza. Mama akajibu, "Msusi wangu anajua. Yupo hapo nje." Nilimsikia vizuri. Msusi wangu.

Saa saba Fundi Saa akabisha hodi, shati limepigwa pasi, mkononi ana mfuko wa machungwa. Mama alimpokea kwa kilemba. Tukala, tukasalimiana tena kana kwamba hatujasalimiana, yule mzee akasema maneno yake ya heshima, nami nikasahau kumtania hata kidogo. Nilikuwa namwangalia Mama. Hakuwa amegusa chakula. Mwisho akaweka kijiko chini.

"Kabla hujaendelea," akasema, "kuna kitu hukijui." Akafungua kilemba.

Chini zilikuwa nyeupe upana wa vidole vitatu, juu nyeusi za zamani, mpaka umenyooka kama wa kupimwa. Kwa kweli hazikupendeza. Mama alikaa wima, kilemba mapajani, mkono wenye bandeji juu yake, akasubiri.

Fundi Saa akazitazama kwa muda, jicho moja amelifinya, kwa mazoea ya kazi. "Nilishaziona," akasema. "Zinachungulia karibu na sikio tangu ulipoleta saa mara ya pili. Kazi yangu ni kuona vitu vidogo." Akakohoa. "Nilichokuwa naogopa ni kwamba unazificha kwa sababu bado unataka kijana. Nimekawia miezi yote kuja hapa kwa ajili hiyo."

"Miezi yote!" Mama akasema.

"Saa yako ilikuwa nzima toka siku ya kwanza."

Nilicheka mpaka maji yakanipalia. Mama naye akacheka, akajifuta macho kwa kilemba, na yule mzee akamuuliza ameumia nini mkono. Mama akaunyoosha mezani.

"Hivi ndivyo uso wangu ungekuwa leo," akasema. "Nililia, nikatishia laana, nikadanganya. Hata huyu binti yangu mwanzoni alitaka nipakwe. Mmoja tu alivua glavu."

Subiri alikuwa anakusanya sahani, kichwa ameinamisha kwa aibu, ule utepe wake wa mvi uko wazi. Mama akamshika kifundo cha mkono, akamvuta kwenye kiti kilicho karibu yake.

"Mwanangu," akasema, "ziache sahani. Jumatatu njoo na mkasi, hizi nyeusi uzikate zote."

Subiri akafungua mdomo. Nami najua neno alilotaka kusema, mtaa mzima unajua. Lakini safari hii, kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu, hakulisema. Alisema, "Nitazikata leo leo, Mama."